Shilingi 30,000 Zisizo na Jina

Saa moja jioni ujumbe wa MoMo unaingia kwenye laini ya mchango wa kitabu: shilingi 30,000. Mweka hazina anafungua daftari aandike jina, halafu kalamu inasimama. Jina lililo kwenye ujumbe ni la wakala.

Aliyetoa pesa alikwenda kibandani na noti ya ishirini na noti ya kumi. Akataja namba iliyokuwa kwenye bango, wakala akaziweka moja kwa moja kwenye laini ya mchango. Kwa njia hiyo mtoaji hakutozwa ada ya kutuma. Akaenda zake nyumbani akijua amechangia.

Kwenye bango iliandikwa kwamba anayetoa 30,000 atapata nakala moja, na jina lake litachapishwa ndani ya kitabu.

Jina lipi?

Swali hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu kila nikilivuta linakuja na mengine nyuma yake. Tunajua kuchangisha. Mtu aliyekaa kwenye mikutano ya harusi hapa Kampala ameona bajeti ikisomwa mstari kwa mstari, kadi za ahadi zikigawiwa, mwenyekiti akisukuma watu mpaka meza ya chakula ipate mfadhili. Lakini harusi ina tarehe, na wachangaji wake ni watu unaowafahamu kwa sura. Kitabu, albamu au filamu fupi inachangiwa na watu usiowajua, kwa ahadi ya kitu ambacho bado hakipo. Hapo ndipo mazoea ya harusi yanapotuangusha.

Nitachukua kazi moja tu niifuate mpaka mwisho: kitabu cha hadithi cha watoto, cha Kiswahili, chenye picha za rangi, kurasa 32, ukubwa wa A5, nakala 500, kichapwe Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala. Kazi za namna hii zinatafutwa zaidi tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Julai 2022 Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Bei nitakazotumia ni za mfano. Utakazopewa wewe zitategemea karatasi, mashine na msimu. Wakati wa kampeni za uchaguzi mashine za Nasser Road hujaa mabango, na kitabu chako kitasubiri.

Bajeti ya kazi si lengo la mchango

Watu wengi hupiga hesabu hivi. Mchoraji picha 16 kwa 75,000 kila moja, jumla 1,200,000. Mhariri 300,000. Mpangaji wa kurasa 300,000. Uchapaji wa nakala 500 kwa 5,000, jumla 2,500,000. Prufu, yaani nakala ya majaribio, na nauli 100,000. Inatoka 4,400,000, na kesho yake bango linasema: "Tunatafuta shilingi 4,400,000."

Wakizipata zote, wamepungukiwa.

Hiyo ni gharama ya kitabu kikiwa kimelala kwenye maboksi kwa mchapaji. Haijakifikisha kwa mtu aliyekilipia. Haijalipa ada za kutoa pesa kwenye simu. Haijaweka akiba kwa siku ambayo mchapaji atasema karatasi imepanda. Na ubaya wake ni kwamba upungufu huu hauonekani mapema. Mchoraji analipwa, mchapaji analipwa, kila mtu anafurahi, kisha siku ya kufunga vifurushi mfuko ni mtupu na wachangaji wanasubiri.

Dawa yake ni kuhesabu kinyumenyume. Anza na mkono wa mtu wa Arua anayepokea bahasha, urudi nyuma mpaka kwa mchoraji.

Zawadi inayosafiri

Tuseme ngazi za mchango ni nne. Anayetoa 10,000, jina lake linachapishwa kwenye ukurasa wa shukrani. Wa 30,000 anapata jina na nakala moja. Wa 100,000 anapata jina, nakala tatu na picha moja ya kitabu iliyochapwa kwenye karatasi nzuri ya A4 na kusainiwa na mchoraji. Wa 500,000 anachagua shule, na shule hiyo inapelekewa nakala 20.

Sasa zitoe zawadi hizo nje ya mlango. Bahasha na kifurushi cha basi kwenda mikoani tuviweke 11,000 kwa pamoja. Nakala ya mtu wa 30,000 anayeishi Mbarara imekuachia 19,000, na bado hujatoa gharama ya kuichapa. Mtu huyohuyo akija kuichukua mwenyewe Kampala, amekuachia 30,000 nzima. Kwa hiyo swali la "Uko mji gani?" lina uzito katika hesabu yako, liulize siku pesa inapoingia. Wengine hutenganisha kabisa: 30,000 kwa anayechukua mwenyewe, 40,000 kwa anayepelekewa. Mimi naiona njia hiyo kuwa ya haki zaidi, kwa sababu mtu wa Kampala halipii nauli ya bahasha ya mwenzake.

Kadiria wachangaji wako kwa idadi, kwa majina kabisa ukiweza. Katika mfano huu: 60 wa shilingi 10,000, 80 wa 30,000, 15 wa 100,000 na wawili wa 500,000. Jumla ni watu 157 na shilingi 5,500,000.

Upande wa kutoa: tukiacha bei moja ya 30,000 kwa wote, na nusu ya wale 80 wakipelekewa, ni 440,000. Wale 15, picha ya A4 kwa 8,000 pamoja na kifurushi, ni 285,000. Maboksi mawili ya shule, 50,000. Zawadi peke yake zimekula 775,000. Ongeza 100,000 za ada za simu na akiba ya 220,000, ambayo ni asilimia 5 ya bajeti ya kazi. Ukijumlisha na ile 4,400,000 unapata 5,495,000.

Lengo ni 5,500,000.

Tofauti na lile bango la kwanza ni 1,100,000. Pesa hiyo haiongezi hata ukurasa mmoja kwenye kitabu, ila bila hiyo kitabu hakimfikii mtu.

Usiongeze zawadi katikati ya safari kwa sababu mchango umepoa. Fulana, vikombe na mifuko huonekana kama chambo kizuri, lakini fulana ina saizi, na saizi ina maana ya kuuliza watu wote tena, kununua zaidi ya zinazohitajika na kubaki na zile kubwa ambazo hakuna aliyeziomba. Zawadi nzuri ni ile inayotoka kwenye kazi yenyewe: picha, nakala, jina, sauti ya mwandishi akisoma hadithi. Kwa ndugu walio nje ya nchi sauti na faili ya PDF vinatosha. Nakala moja ya namna hii, karatasi za ndani za gramu 150 na jalada la gramu 250, ina uzito wa kama gramu 90, lakini kuivusha bahari kunaweza kumeza mchango wote.

Pleti 20

Kuna jambo la kiwandani ambalo linaamua ratiba ya mchango, na wachangishaji wengi hawalijui mpaka limewauma.

Mashine ya ofseti haichapi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi ya A2 inabeba kurasa nane za A5 kila upande, kwa hiyo kitabu cha kurasa 32 ni karatasi mbili, pande nne. Kila upande wa rangi unahitaji pleti nne, yaani mabamba ya kuchapia, moja kwa kila wino: samawati, waridi, njano na nyeusi. Hizo ni pleti 16. Jalada nje linataka nne zaidi. Pleti 20 zinalipiwa hata ukichapa nakala moja, na ndiyo sababu nakala 100 hazigharimu moja ya tano ya nakala 500. Ukitaka chache sana, muulize mchapaji bei ya mashine ya dijitali, ambayo haina pleti.

Rudi sasa kwa mtu wa ukurasa wa shukrani.

Pleti zikishatoka, jina lililosahaulika haliongezwi kwa kalamu. Ukurasa wa majina umeshikamana na kurasa nyingine saba kwenye pleti zilezile. Kama ukurasa huo una mapambo ya rangi yanayozunguka majina, na majina yenyewe yana rangi ya bluu au kahawia, kulirekebisha jina moja kunaweza kudai pleti zote nne za upande ule zitengenezwe upya. Lakini majina yakiwa ya wino mweusi mtupu, yanakaa kwenye pleti nyeusi peke yake. Ukikosea, unabadilisha pleti moja.

Mwambie mpangaji wa kurasa maneno haya haya: majina yawe meusi asilimia 100, yasichanganywe na rangi nyingine. Ni sentensi moja, na inaweza kukuokoa siku ambayo Nakato atakuambia umemwandika Nakatto.

Kutoka hapo unapata tarehe mbili tofauti ambazo bango lako lazima lizitaje. Ya kwanza ni tarehe ya mwisho ya kuchangia. Ya pili, siku saba baadaye, ni tarehe ya mwisho ya kusahihisha majina. Ndani ya wiki hiyo unasambaza orodha ya majina kama yatakavyochapwa, kila mtu alitazame lake. Anayechangia baada ya hapo anakaribishwa, atapata nakala, lakini aambiwe wazi kwamba jina halitakuwemo.

Dola 160 za Wakaliga

Hapa kuna shaka iliyonichukua muda.

Mwaka 2015 Ramon Film Productions, studio ya Isaac Nabwana pale Wakaliga, Kampala, iliombewa pesa za filamu kwenye Kickstarter. Lengo lilikuwa dola 160. Watu 374 waliahidi dola 13,181.

Ukiitazama hivyo, utasema lengo dogo ndilo linalovuta watu, na hesabu yangu ya 5,500,000 ni ya kutisha bure. Kwa nini bango lisiseme milioni moja, zije zitakazokuja?

Nimeipindua hoja hii mara nyingi, na jibu naliona kwenye kanuni za mchezo. Kickstarter ni yote au hakuna: lengo lisipotimia, kadi za wachangaji hazikatwi hata senti. Lengo dogo linakulinda usitoke mikono mitupu. Tena studio ile ilikuwa imeshazoea kutengeneza filamu kwa pesa kidogo sana, kwa hiyo ingeweza kuanza na chochote. Kitabu cha rangi hakianzi na chochote. Pleti 20 hazipungui kwa sababu mchango umepungua.

Halafu kuna jambo la kawaida kabisa: Uganda haimo katika orodha ya nchi ambazo mkazi wake anaruhusiwa kufungua mradi Kickstarter. Unamhitaji mwenzako aliye katika nchi iliyo kwenye orodha, na mkataba wa mchango unakuwa wake: jina lake, benki yake. Jukwaa linakata asilimia 5, msindikaji wa malipo anakata yake, na pesa huchukua kama wiki mbili baada ya kufunga kabla haijatoka. Kwa kazi yenye watazamaji duniani hiyo ni njia. Kwa kitabu cha Kiswahili ambacho wasomaji wake wako Jinja na Masindi, laini ya simu iko karibu zaidi.

Tatizo ni kwamba laini ya simu haina "yote au hakuna". Pesa ikishatumwa imeingia. Usipofikia lengo, hakuna mtambo wa kuirudisha.

Kwa hiyo kanuni uiandike mwenyewe, kabla ya shilingi ya kwanza.

Mimi ningeiweka kwa ngazi mbili. Tukipata 5,500,000, kitabu kinachapwa kwa rangi. Tukipata 4,400,000, ndani kinakuwa cheusi na cheupe, jalada linabaki la rangi. Kurasa za ndani zinahitaji pleti nne badala ya 16, na tuseme uchapaji unashuka kutoka 2,500,000 hadi 1,400,000. Tukiwa chini ya 4,400,000 siku ya kufunga, kila mtu anarudishiwa pesa yake. Mchoraji aujue mpango huu kabla hajaanza: achore mistari ya wino kwanza, rangi ziwe tabaka la pili, ili picha isife ikichapwa nyeusi tupu. Na kabla ngazi ya chini haijafikiwa, hakuna anayegusa laini ile, hata kwa nauli ya kwenda kuuliza bei.

Kurudisha nako kuna ada ya kutuma. Waandaaji waitoe mfukoni mwao, na waseme hivyo tangu mwanzo.

Lakini utamrudishia nani zile 30,000 za wakala?

Ahadi na pesa visikae safu moja

Kwenye mkutano wa harusi mweka hazina husoma namba mbili, taslimu na ahadi, na ukumbi unapiga makofi kwa jumla yake. Kwenye kitabu makofi hayo ni hatari. Mchapaji anataka malipo ya awali kabla ya kutengeneza pleti, na hapokei ahadi.

Ahadi iandikwe pembeni na iwe na tarehe aliyoitaja mwenyewe: "mwisho wa mwezi" siyo tarehe, "tarehe 30" ni tarehe. Siku mbili kabla, mkumbushe mara moja, kwenye simu yake, kamwe si kwenye grupu. Tarehe ikipita na akanyamaza, mwulize kama aondolewe kwenye orodha. Wengi hushukuru kuulizwa hivyo, na wengine hutuma siku hiyohiyo. Namba unayotangaza hadharani iwe ya pesa iliyoingia tu.

Siku za kuchangisha nazo zifuate mfuko wa mtu. Kutoka 20 Februari hadi 5 Aprili unapita mishahara miwili, na umeziruka wiki za mwanzo wa muhula ambapo kila mzazi anawaza karo.

Laini moja, daftari moja, watu wawili

Nunua laini mpya kwa ajili ya kitabu. Isajiliwe kwa jina la mtu ambaye jina lake liko kwenye bango, kwa sababu anayetuma ataoneshwa jina kabla ya kuweka PIN, na likiwa geni atadhani ni wale matapeli wa "umetumiwa kimakosa". Kwenye bango andika namba na jina kama linavyotokea kwenye simu. Ukiweza, uwe na laini ya MTN na ya Airtel, watu wachague *165# au *185# bila kuvuka mtandao.

Mtu mmoja ashike laini, mwingine ashike daftari. Kila Jumapili jioni wakae pamoja, wasome ujumbe mmoja baada ya mwingine dhidi ya mistari ya daftari, kisha jumla ya daftari ilingane na salio. Isipolingana wasilale.

Mstari wa daftari unatosha kuwa hivi:

```
Na. | Tarehe | Kiasi | Namba ya muamala | Jina la kuchapwa | Simu | Mji | Zawadi | Imefika?
```

"Jina la kuchapwa" si lazima liwe jina la laini. Mama anaweza kutuma kwa laini ya mwanawe na akataka liandikwe jina la marehemu baba yake. Ndiyo maana bango linamwomba mtumaji mambo matatu kwa ujumbe wa kawaida, siku hiyohiyo: jina analotaka, mji, na namba ya muamala. Na kwa wanaopitia kwa wakala, mstari wa peke yake, kwa herufi kubwa: UKIWEKA KWA WAKALA, JINA LAKO HALITUFIKII. TUTUMIE UJUMBE.

Kuna pia ile orodha ya WhatsApp ambayo kila mmoja hunakili, huongeza jina lake chini na kuituma tena. Iepuke. Watu wawili wakinakili orodha ileile dakika moja, kila mmoja anaongeza jina lake kuwa namba 24, na anayekuja baada yao ananakili moja tu kati ya hizo mbili. Jina moja limepotea, na hakuna aliyelifuta. Mshika daftari peke yake ndiye atoe orodha, bila viwango. Mtu aliyetoa 10,000 katika mwezi mgumu hastahili kuwekwa chini ya aliyetoa 500,000 mbele ya macho ya wote.

Na uliza kabla ya kutaja. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamhusu pia anayekusanya majina na namba za simu kwa ajili ya kitabu. Asiyetaka jina lake, aandikwe "Rafiki wa kitabu".

Wakati wa kulipa, usikimbilie kutoa taslimu. Ushuru wa asilimia 0.5 unakatwa kwenye kutoa pesa, pamoja na ada ya mtandao. Mlipe mchapaji moja kwa moja kutoka kwenye laini. Huenda akakwambia uongeze ya kutolea, na hilo mjadiliane, lakini malipo yamebaki na rekodi ambayo unaweza kuwaonesha waliochanga.

Ukimya

Mchango ukifungwa, grupu hulala. Mwandaaji anahangaika na prufu, hana la kusema, anangoja awe na habari njema. Wiki ya tatu mtu anauliza: "Jamani kitabu kimeishia wapi?" Anayefuata anajibu kwa emoji ya macho. Kuanzia hapo kila utakachosema kitasikika kama utetezi.

Nilidhani dawa ni kutuma habari kila wiki. Sidhani hivyo tena. Ujumbe wa kila wiki usio na kitu ndani unawazoesha watu kutokusoma, na siku ya tarehe ya majina hawataiona. Bora hatua nne, zilizotajwa tangu mwanzo: siku ya kufunga, siku ya orodha ya majina, siku ya prufu, siku ya vifurushi. Katikati yake, ujumbe wa ziada ni mmoja tu, wa kuchelewa, na huo unatoka siku ileile unapojua.

Ujumbe wa kuchelewa una vitu vitatu: nini kimetokea, tarehe mpya, na nini kimebadilika kwenye pesa. Kwa mfano:

"Habari zenu ndugu. Prufu imetoka leo, rangi za ukurasa wa 9 na wa 14 zimefifia kwa sababu picha zililetwa zikiwa za rangi za kioo cha simu, si za uchapaji. Mchoraji anazibadilisha, mchapaji atatoa prufu ya pili Alhamisi. Vitabu vilivyokuwa vitoke tarehe 10 Mei vitatoka tarehe 19. Prufu ya pili ni shilingi 40,000, tunazitoa kwenye akiba, imebaki 180,000. Asanteni kwa kutusubiri."

Hakuna anayekasirika kwa ujumbe huo. Una ukurasa, una sababu, una siku, una shilingi.

Kwa kuutuma, grupu lina kelele na watu hutoka. Orodha ya matangazo ya WhatsApp ni tulivu zaidi na inabeba watu 256, lakini ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo jibu lako la kwanza kwa kila mchangaji liwe: "Asante, tumepokea. Tafadhali hifadhi namba hii kwa jina la Kitabu, habari zote zitatoka hapa." Wazee wasio na WhatsApp, wapigiwe au watumiwe ujumbe wa kawaida. Kati ya watu 157 watakuwa wachache, na simu zao huisha jioni moja.

Boksi la pembeni

Katika mfano wetu nakala 165 zinakwenda kwa wachangaji na shule, zinabaki 335 za kuuza. Kabla hujauza hata moja, toa kumi uziweke boksi la pembeni. Hizo ni za kifurushi kilichopotea basini, za nakala iliyokunjwa, na za watu waliolipa bila jina.

Wa wakala unaweza kumtafuta. Ujumbe wa MoMo una saa na namba ya muamala. Mawakala wengi wana daftari ambalo mteja huandika namba na kiasi, kwa hiyo mshika laini ampigie wakala huyo mapema, siku hiyo au kesho yake, kabla ukurasa haujafunikwa na mingine mia. Asiombe kusomewa namba ya mteja. Amwombe wakala ampigie yeye amwambie kwamba kitabu kinamtafuta. Wakala asipopatikana, tangazo litoke kwenye orodha na libandikwe pale bango la kwanza lilipokuwa:

"Aliyeweka shilingi 30,000 kwa wakala, jioni ya tarehe 14 Machi: tumezipokea. Hatuna jina lako. Tutumie tarakimu nne za mwisho za namba ya muamala, au mwombe wakala wako atupigie. Ukurasa wa majina unafungwa tarehe 12 Aprili. Ukitupata baada ya hapo, jina litakosekana, lakini nakala yako ipo, tumeiandika 'wa tarehe 14', na haitauzwa."

Kwenye daftari mstari wake unabaki wazi mahali pa jina, na safu ya mwisho, "Imefika?", haijazwi.